Mama hajui kusoma na anatoka Marangu kwenda Ngaramtoni peke yake, nimwandalie vipi?

MtotoWaMtoni:
Habari zenu wakuu. Mama yangu yuko Marangu Mtoni, ijumaa anaenda kwa dada Ngaramtoni, dada amejifungua juzi na mimi niko Dodoma siwezi kumsindikiza. Mama herufi anazijua mojamoja, akipewa neno refu anakwama. Moshi mjini haimsumbui ameizoea, shida ni akishuka stendi Arusha. Mara ya mwisho alikuwa na karatasi imeandikwa safari yote, akamwonyesha kijana wa stendi, yule kijana akaikamata na mzigo akaukamata, akampakia gari ya upande mwingine kabisa. Nimwandikie nini safari hii, na amwonyeshe nani?

Haisi_Nyeupe:
Mbona rahisi mkuu, haisi zina mstari wa rangi ubavuni kila ruti na rangi yake. Dada apige picha ya gari ya Ngaramtoni amtumie, mama akariri ile rangi basi.

KondaWaZamani_AR:
Rangi inasaidia ila isisimame peke yake. Kwanza rangi za Moshi hazihusiani na za Arusha, alichokariri Moshi akiache Moshi. Pili jioni abiria wakiwa wengi upande fulani gari inakata ruti na mstari ni uleule. Tatu, na hii ndo inawapata wengi, gari ni ya Ngaramtoni kweli lakini konda anageuzia Sakina sababu abiria wameisha, rangi haitamwambia hilo.

Sasa karatasi. Usiandike safari yote kwenye karatasi moja, anayesoma harakaharaka anadaka jina la kwanza aliloliona. Gari moja karatasi moja, herufi kubwa za kalamu ya wino mzito. Ya kwanza MOSHI STENDI, ya pili ARUSHA STENDI KUU, ya tatu iwe hivi: NISHUSHE NGARAMTONI SOKONI. Uliza dada kituo wanakiitaje makonda wenyewe, jina la mwenye nyumba au la kanisa konda halijui. Kila karatasi uichoree alama yake kwenye kona, mfano ya tatu chora kichanga, mama ajue atoe ipi bila kusoma.

Na mpiga debe asionyeshwe karatasi kabisa. Yule analipwa gari ikijaa, ukimuuliza "hii ya Ngaramtoni?" atakujibu ndiyo panda mama. Mama aende mpaka mlangoni amuulize konda "gari hii inaishia wapi?" akae kimya asubiri jina litoke mdomoni kwa konda. Akisikia Ngaramtoni ndo atoe karatasi, na akishakaa amuulize tena abiria wa pembeni. Akae siti ya karibu na mlango. Karatasi konda akishasoma airudishe mkononi, maana makonda wanaachiana gari njiani, huyu anashuka na karatasi yako mfukoni na deiwaka aliyepanda hajui lolote.

Mama_Neema:
Kwani huko Marangu hakuna kisomo cha watu wazima? Mpelekeni jamani, hajachelewa.

MtotoWaMtoni:
Mama Neema asante, ila safari ni ijumaa hii.

BintiKibosho:
Mimi baba yangu anasoma vizuri tu, macho ndo yamekwisha, naye tunamfanyia hivihivi. Chenji anaenda na picha: tembo ni elfu kumi, faru elfu tano, simba elfu mbili, Nyerere elfu moja. Tunamtengea nauli ya kila gari mfuko wake, asifungue pochi yote mbele za watu. Na nyuma ya karatasi andika namba yako ya simu.

KondaWaZamani_AR:
Namba hapo mimi siungi mkono. Karatasi ikidondoka stendi utapigiwa "mama yako amepata ajali tuma hela ya matibabu". Simu yake kama ni ya batani weka dada kwenye namba 2, akibonyeza muda mrefu inapiga yenyewe, ampe konda simu waongee.

BintiKibosho:
Na simu ikizima chaji? Au ikiibiwa? Mzee wetu alizimiwa Boma Ng'ombe, kilichomwokoa ni ile namba.

Haisi_Nyeupe:
Mlima Meru pia unasaidia, akielekea Ngaramtoni unatakiwa uwe mkono wa kulia.

KondaWaZamani_AR:
Kweli, kama hakuna mawingu. Mkuu mwambie mama aanze mapema, saa mbili awe ameshatoka Marangu, afike Arusha kabla ya ule msongamano wa jioni.

MtotoWaMtoni:
Nimeelewa, nampigia jirani aandike karatasi leo. Namba nitaandika ya dada, kwenye karatasi ya nne, mama aifunge ndani ya kanga. Anayejua magari ya Ngaramtoni siku hizi yanapakia upande gani aniambie, dada hatoki ndani.