Naomba ushauri: Xbox inagoma kwenye faiwoli ya mgahawa, niombe poti zipi?

Habari wakuu. Nimepanga kona ya gemu ndani ya mgahawa mmoja hapa Sinza, nikitumia intaneti ya mwenye mgahawa. Xbox inaingia kwenye akaunti na gemu zinashuka vizuri, lakini kuongea na wenzako kwenye "party" haiwezekani. Upande wa NAT inaandika "Teredo is unable to qualify". Nikiunganisha kwa data za simu, sauti inarudi, kwa hiyo konsoli ni nzima.

Nahisi faiwoli inaruhusu TCP 80 na 443 tu, UDP yote imefungwa. Fundi wao ni mkali (simlaumu, kuna mashine ya mauzo humo), kwa hiyo nataka niombe kidogo: UDP 3074, 3544, 88, 500 na 4500, pamoja na TCP 3074, za kutoka ndani kwenda nje tu, kwa anwani ya konsoli peke yake. Zinatosha?

Halafu naongeza Xbox ya pili. Zote zikigombania 3074, nibadilishe moja kwenye "Alternate port selection", na hiyo poti mpya nayo niiombee ruhusa?