Afisa madai anayehamia kwa broka: barua ya kuacha kazi na faili zilizo wazi, tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi: Wakuu, afisa madai anapoacha kampuni ya bima kwenda kwa broka, barua aiandikeje? Na faili ambazo hazijafungwa anazikabidhi vipi?

Kitengo_Madai: Barua iwe fupi: siku ya mwisho kazini kwa mujibu wa notisi, jina la broka unakokwenda, na kwamba jedwali la makabidhiano limeambatishwa. Jina usilifiche. Broka anamtetea mteja mbele ya kampuni unayoiacha, kwa hiyo omba humohumo uondolewe kwenye madai ya wateja wake. Ukiidhinisha malipo yao ndani ya notisi, hata yakiwa halali, yatatiliwa shaka.

Pwani_2: Kwenye jedwali weka namba ya dai, jina la mteja na akiba kampuni iliyotenga kulipa dai hilo. Inatosha, mengine mrithi atayasoma kwenye faili.

Kitengo_Madai: Hapo kwenye akiba ndipo watu wanapoumia, mkuu. Chukua ghala lililoungua: makadirio milioni 80, mteja keshapewa malipo ya awali milioni 20. Ukiandika "akiba 80" tu, mrithi hajui kama zile 20 zimeshatolewa humo. Ripoti ya mtathmini ikija na milioni 75, atalipa 75 nzima na mteja ataondoka na 95. Andika: makadirio 80, zimelipwa 20, zimebaki 60. Kisha kinachosubiriwa, kwa nani, tangu lini: "Vitabu vya stoo, viliombwa kwa mteja tarehe 3, mtathmini hawezi kufunga ripoti bila hivyo." Malizia na ulichomwambia mteja kwa simu, maana hicho hakipo kwenye faili na ndicho atakachomdai mrithi.

Bint_Sheria: Ongeza safu ya ukomo wa kushtaki. Kama moto ule ulisababishwa na fundi umeme, kampuni ikishamlipa mteja ina haki ya kumdai fundi. Faili ikilala mezani kwa mrithi hadi muda upite, haki hiyo imekwenda.

Dereva_Mkongwe: Gari langu liligongwa, afisa aliyeshika dai langu kaacha kazi. Ndiyo limekufa?

Bint_Sheria: Hapana kaka, dai unaidai kampuni, si yeye. Waandikie ukitaja namba ya dai, waulize faili kapewa nani.

Pwani_2: Sasa akishahamia kwa broka, anaweza kumsaidia mteja wa lile ghala?

Kitengo_Madai: Mimi nasema asiliguse kabisa. Anajua kampuni imetenga kiasi gani na mawakili wake wamesema nini. Hata asipobeba karatasi, anayo kichwani.

Bint_Sheria: Kampuni ikikubali kwa maandishi, sioni kizuizi.

Kitengo_Madai: Ikikubali. Kampuni gani itakubali dai likiwa bado lina ubishi?