Naomba ushauri: ukurasa wa zawadi za sikukuu, nipange maneno kwa mpokeaji au kwa bei?

Mama_Vikapu (mwanzisha uzi)

Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Ninaendesha duka dogo la mtandaoni hapa Dar es Salaam, ambalo huuza khanga, vikoi, vikapu vya ukindu, kahawa ya Kilimanjaro, asali na viungo. Mwaka jana, msimu wa Krismasi, niliweka bidhaa zote 58 katika ukurasa mmoja, na swali nililoulizwa WhatsApp kuliko yote lilikuwa la namna hii: "Nina elfu thelathini, nimpe nini mama mkwe?" Kabla sijamaliza kumjibu mmoja, wengine watatu walikuwa wanasubiri, na baadhi yao walinunua kwingine. Mwaka huu nataka ukurasa wenyewe ulijibu swali hilo, kwa kuzipanga zawadi kwa mpokeaji na kwa bajeti.

Nimeanza kuandika, lakini ninahisi kuna kitu hakijakaa sawa. Hiki hapa ni kipande kimoja:

*"ZAWADI ZA WANAWAKE, CHINI YA 30,000. Khanga nzuri zenye ubora wa hali ya juu na rangi za kuvutia, zitakazomfurahisha mwanamke yeyote, Sh 18,000. Kahawa tamu ya Kilimanjaro, gramu 250, Sh 15,000. Kikapu cha kisasa cha ukindu, Sh 28,000."*

Usafiri wa bodaboda ndani ya jiji ni Sh 5,000, na kifurushi kidogo cha mkoani ninakituma kwa basi kwa Sh 10,000. Naomba mnisahihishe bila kunionea haya.

Kaka_Bei

Dada, anza na bei. Mtu anayetafuta zawadi mwezi wa Desemba anajua kwamba ada za shule zinamsubiri Januari, kwa hiyo jambo la kwanza analojiuliza ni kiasi alichonacho, wala si nani atakayepewa. Weka mafungu matatu ya bei juu kabisa ya ukurasa, kisha wapokeaji wafuate ndani yake. Bei ziandike 17,900 na 27,900 ili zionekane ndogo. Usafiri usiutaje mapema, kwa maana mteja akiuona atakimbia. Mwambie akishachagua.

Mhariri_Mstaafu

Kaka_Bei amesema kweli kuhusu Januari, na kweli bajeti haipaswi kufichwa. Kuhusu usafiri sikubaliani naye hata kidogo, na hesabu ya Mama_Vikapu mwenyewe inaonyesha sababu.

Tukichukulie kikapu cha Sh 28,000, kilichowekwa katika fungu la chini ya 30,000. Mteja wa Kimara atakilipia 33,000 na wa Iringa atakilipia 38,000, kwa hiyo kichwa cha fungu kimewadanganya wote wawili. Khanga ya 18,000 inafika kwa 23,000 jijini na 28,000 mkoani, na kahawa inafika kwa 20,000 au 25,000. Hizo mbili zinastahili kukaa pale, ilhali kikapu kinapaswa kuhamia fungu linalofuata. Bajeti ya mtu ni fedha zote zitakazotoka mfukoni mwake, na ukimwambia usafiri baada ya kuchagua, atakuandikia tena "Na usafiri je?", ambalo ndilo swali ulilotaka ukurasa ulijibu. Vilevile, badala ya "chini ya 30,000" andika "hadi 30,000", kwa sababu mwenye elfu thelathini kamili hajui kama ametajwa au ameachwa.

Sasa nije kwenye mpangilio. Ningeanza na mpokeaji, kwa sababu maneno ya kuieleza bidhaa hubadilika kwa mpokeaji, wala hayabadiliki kwa bei. Kahawa ileile ya gramu 250 ukimwandikia anayempelekea bosi wake, utataja inakotoka na jinsi ilivyokaangwa. Ukimwandikia anayewapelekea wazazi kijijini, jambo la kwanza anahitaji kujua kama imekwisha kusagwa na kama inaweza kuchemshwa kwenye birika la kawaida, maana kahawa isiyosagwa katika nyumba isiyo na mashine ya kusagia itakaa kabatini hadi Pasaka.

Ila "wanawake" si mpokeaji. Hakuna anayeamka asubuhi akawanunulia zawadi wanawake. Anamnunulia mama mkwe, wifi, shemeji, mwalimu wa mtoto, au msaidizi anayerudi kwao kwa likizo ya sikukuu. Watumie hao kama vichwa vya habari, lakini wasizidi watano au sita, na kila mmoja apate bidhaa mbili au tatu tu katika kila fungu. Fungu lisilo na kitu kinachofaa liache tupu. Sioni sababu ya kumtafutia mwalimu wa mtoto zawadi ya elfu sitini ili jedwali lijae, kwani zawadi kubwa kiasi hicho itamtia mwalimu mashakani.

Maneno kama "nzuri", "ya kuvutia" na "ubora wa hali ya juu" yaondoe yote. Mahali pake weka kile ambacho mteja angekigusa au kukiuliza kama angekuwa dukani kwako.

BiMwanaidi_Tanga

Mwanangu Mama_Vikapu, mimi si mtaalamu wa biashara, lakini hapo kwenye khanga nimeshtuka. Umeandika rangi na hukuandika jina. Nani ananunua khanga bila kuisoma?

Mwaka juzi nilimwagizia wifi yangu doti moja kutoka duka la mtandaoni ambalo sitalitaja. Katika picha khanga ilikuwa imekunjwa, maua ya rangi ya chungwa yanaonekana vizuri, jina halionekani. Ilipomfikia akaifungua mbele ya watu, nayo imeandikwa "Hasidi hana sababu". Wifi yangu hakusema neno. Aliikunja taratibu, akaiweka juu ya kochi, akaenda kuangalia wali jikoni. Nilipolipigia simu duka, nikaambiwa ile niliyoichagua ilikwisha, wakanipa "inayofanana nayo". Inafanana rangi! Hadi leo sijui kama ameniamini kwamba sikuichagua.

Juma_Muscat

Assalaam alaykum. Mimi naishi Muscat, na mama yangu yuko Wete, Pemba. Nimesoma uzi wote na ninashukuru kwa mapendekezo, ila sijaelewa kitu kimoja: hizo khanga mnaweza kumfikishia mama, na mimi nikalipia huku? Yeye hapendi kahawa ya unga, anapenda asali. Kwetu zawadi ni ya Idi, si ya Krismasi. Naomba bei ya jumla hadi Wete.

Mhariri_Mstaafu

Ndugu Juma, hapa hatuuzi. Tunamsaidia mwenye duka kuandika ukurasa wake. Hata hivyo, swali lako ni la thamani, kwa sababu linaonyesha kwamba anayelipa na anayepokea wanaweza kuwa katika nchi mbili tofauti. Mteja wa namna hiyo haoni kifurushi, hakifungi kwa mkono wake, wala hana njia ya kurekebisha kosa. Mama_Vikapu, kwake yeye ongeza sentensi mbili katika kila kichwa: ni nani atakayempigia mpokeaji simu, na je, karatasi ya bei itaondolewa kabla zawadi haijafungwa. Na usiufungie ukurasa huu katika Krismasi pekee. Mafungu yakishakamilika, utayatumia tena Idi kwa kubadilisha utangulizi na tarehe.

Bi Mwanaidi amenipita, nakiri. Mimi niliiangalia khanga kama mhariri, nikaona kitambaa. Kwa mpokeaji, jina la khanga ni maneno ya mtoaji, hivyo maelezo yasiyolitaja yamemnyima mteja habari kubwa kuliko bei. Picha nayo ionyeshe doti ikiwa imekunjuliwa mpaka jina lisomeke. Tena ukurasa useme waziwazi kwamba khanga ikiisha haitabadilishwa kwa nyingine kabla ya mteja kusoma jina jipya na kukubali.

Mama_Vikapu

Bi Mwanaidi, umenifanya niende stoo usiku huu kuzisoma khanga zangu moja baada ya nyingine. Nimezitenga nne ambazo sitaziweka kabisa kwenye ukurasa wa zawadi. Zitabaki kwenye ukurasa wa kawaida kwa wanaojinunulia wenyewe na wanaojua wanachokisema.

Nimeandika upya fungu moja. Naomba mliangalie:

*"KWA MAMA MKWE, HADI SH 30,000 IKIWEMO KUMFIKISHIA. Doti ya khanga ya pamba, zambarau na nyeupe, yenye jina 'Nani kama mama'. Sh 23,000 hadi mlangoni Dar es Salaam, Sh 28,000 hadi stendi ya basi mkoani. Doti huja ikiwa nzima. Kwa Sh 2,000 zaidi tunaikata na kuipinda, ili aweze kuivaa siku hiyohiyo ya sikukuu. Tunaondoa karatasi ya bei na kumpigia simu tutakapoikabidhi. Agizo la mwisho la mikoani ni tarehe 18 Desemba."*

Nimehesabu kwamba hata akiongeza kukatiwa na kupindiwa, wa mkoani atafika 30,000 kamili, kwa hiyo hatoki nje ya fungu. Tarehe 18 nimeichagua kwa sababu mwaka jana kifurushi cha Moshi nilichokipeleka stendi tarehe 22 kililala siku mbili, kwani mabasi yalikuwa yamejaa mizigo ya abiria. Kikapu nimekihamishia kwenye fungu la hadi 60,000, na nimeandika kwamba kinabeba ununuzi wa sokoni wa watu wanne na kwamba mikono yake imefungwa kwa ngozi, badala ya "cha kisasa".

Ndugu Juma, hadi Wete sijawahi kutuma. Nitaulizia gharama ya boti, halafu nitakuandikia faragha.

Mhariri_Mstaafu

Hiyo "hadi stendi ya basi" ni nzuri, kwa sababu mama mkwe wa Rombo anaweza kudhani italetwa nyumbani kwake. Ongeza tu kwamba atahitaji kwenda na kitambulisho, kama basi unalotumia linadai hivyo. Ukurasa uwe hewani kabla mishahara ya Novemba haijatoka, maana ndiyo inayonunua zawadi za mikoani. Ya Desemba huwakuta wengi wakiwa wamechelewa. Kisha weka daftari pembeni, uandike kila swali litakalokuja WhatsApp kutoka kwa mtu aliyekwisha kuusoma ukurasa. Swali likijirudia mara tatu, sentensi yake haipo au haionekani.

Kaka_Bei

Nimekubali kuhusu usafiri, ile hesabu ya kikapu imenishinda. Ila kuhusu kuanza na mpokeaji bado sijakubali. Kwenye simu mteja anaona sehemu ndogo ya ukurasa kwa wakati mmoja, na mwenye elfu ishirini atalazimika kuteremka kupitia mama mkwe, wifi na shemeji, akikutana na asali ya elfu hamsini njiani, kabla hajafika kwa mwalimu wa mtoto.

Mama_Vikapu

Nimeliona hilo pia nilipoufungua kwenye simu yangu. Nimejaribu kuweka majina ya wapokeaji juu kabisa kama orodha ya kubonyeza, ili kila mmoja ampeleke mteja moja kwa moja kwenye fungu lake, lakini "msaidizi anayerudi kwao" ni jina refu na linakatika katikati. Kuna mwenye neno fupi zaidi, ambalo msaidizi mwenyewe akilisoma hatajisikia vibaya?

BiMwanaidi_Tanga

Sisi tunamwita "dada" tu. Lakini ukiandika "Kwa dada", mwenye dada yake wa kuzaliwa naye ataingia humohumo. Ngoja niwaulize wenzangu kesho.