Mapigo kwenye video: kocha kapata 16, mimi 17

Mama Leni Nne: Video moja, mita 100 mtindo huru, bwawa la mita 25. Kocha anasema lapu ya kwanza mtoto kapiga mapigo 16, ya tatu 18, kwa hiyo "pigo limefupika". Mimi napata 17 na 19. Nani kakosea? Na ni kweli limefupika?

Kipimo: Mnahesabu vitu viwili tofauti. Kocha anaanza pale mkono unapoingia majini mara ya kwanza baada ya kichwa kuibuka. Wewe nadhani umejumlisha ule mvuto mmoja wa chini ya maji. Chagueni utaratibu mmoja, muuandike juu ya karatasi. Sasa niambie, kwa kila lapu kichwa kimeibuka mita ya ngapi? Tazama rangi za kamba ya leni, hubadilika mita 5 kutoka ukutani.

Mama Leni Nne: Ya kwanza kama mita 7. Ya tatu hata rangi ya mita 5 hajaifikia, kama 4 hivi.

Kipimo: Basi lapu ya kwanza kaogelea mita 18 kwa mapigo 16, sawa na mita 1.13 kwa pigo. Ya tatu mita 21 kwa mapigo 18, mita 1.17. Pigo halikufupika. Kilichopotea ni mita tatu kabla ya kichwa kuibuka, na dawa yake ni mateke ya chini ya maji, si kumwambia anyooshe mkono.

Mzee wa Stopwochi: Kocha anayehitaji kusimamisha picha ndipo ahesabu mpaka 16, afungue genge la madafu. Halafu mtoto akikaa chini ya maji sana ni kosa, sheria ni mita 10.

Binti Feri: Shikamoo Mzee. Ni mita 15. Ile 10 iliwekwa kwa mtindo wa chali baada ya Olimpiki ya Seoul 1988, ikaongezwa. Na siku stopwochi yako ikihesabu leni sita kwa pamoja, dafu nakuletea mwenyewe.

Mzee wa Stopwochi: Marahaba. Sikusema leni sita. Napima mizunguko mitatu ya mikono, nabonyeza, nasoma. Juzi watu wa video wameniletea mtoto wa mizunguko 67 kwa dakika. Nimecheka mpaka basi.

Kipimo: Hiyo 67 najua ilikotoka. Mtu kaona mkono wa kulia ukiingia majini mara nne kwa sekunde 3.6, akaandika mizunguko minne. Kuingia mara nne ni mizunguko mitatu. 180 gawa kwa 3.6 ni 50. Kosa ni la mhesabuji, kamera haina hatia.

Mzee wa Stopwochi: Si ndiyo hayo hayo ninayosema?

Fremu 60: Tuache ugomvi. Rekodi fremu 60 kwa sekunde, muda wa lapu utaupata mpaka sehemu ya mia.

Binti Feri: Sehemu ya mia huipati. Fremu moja ni sekunde 0.017, nawe unakisia ncha mbili, mwanzo na mwisho. Tena simu nyingi hupunguza fremu mwanga ukififia, hasa bwawa la ndani. Jaribu hii:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=r_frame_rate,avg_frame_rate video.mp4
```

Namba hizo mbili zikiachana, usigeuze idadi ya fremu kuwa sekunde. Soma saa ya video yenyewe. Na lapu ipimwe miguu inapogusa ukuta hadi inapogusa tena. Ukianzia inapoachia ukuta, umemwibia sekunde za kugeuka.

Baba Watatu: Sisi kugeuka tunapima mita 5 kuingia, kwa bendera za chali, na mita 10 kutoka. Simu naiweka katikati ya bwawa la hoteli. Leni ya mbali kila mara inatoa muda wa ajabu.

Kipimo: Kwa sababu unaitazama alama kwa mshazari. Ama usimame sambamba na alama, ama uchore kwenye programu ya video ya Kinovea mstari unaounganisha rangi ya mita 5 ya kamba ya huku na ya kamba ya kule. Kichwa kikikata mstari, ndiyo mita 5. Kamba zikiwa zimelegea, mstari nao utadanganya.

Mzee wa Stopwochi: Bwawa la hoteli lina mita 25 tangu lini?

Baba Watatu: Limeandikwa 25 ukutani.

Mzee wa Stopwochi: Hata mizani ya sokoni imeandikwa kilo. Umelipima kwa utepe?

Baba Watatu: Mzee, unaniita mwongo mbele za watu?

Binti Feri: Hajakuita mwongo. Lakini likiwa mita 23, mapigo yako yote uliyolinganisha na ya wenzako yana upungufu wa mita mbili. Pima kwenye leni mbili, kuta nyingine zimepinda.

Mama Leni Nne: Samahani, nirudi kwa kocha na 16 au 17?

Baba Watatu: Kwanza mzee aniombe radhi.