Hisa au akiba? Nina laki tano naingia SACCOS hapa Tanga

DadaChumbageni: Habarini wanajamvi. Juzi nilikuwa kwenye kikao cha wanachama wapya wa saccos moja hapa mjini, mwenyekiti katoa hotuba ndefu, akasema "hisa inakufanya mwenye chama, akiba inakupa mkopo, na msije kesho mkanidai hisa kama mnavyodai akiba". Watu wakapiga makofi mimi nikabaki na swali. Nina laki tano, nataka niitie yote kwenye hisa maana hisa ina gawio kila mwaka. Nipo sahihi?

Baharia_Deep: Tia hisa dada angu usiogope. Mkopo ni mara 3 ya hisa zako, laki tano unavuta milioni na nusu. Mimi kikundi chetu pale Deep Sea ndo tunavyofanya, mwisho wa mzunguko tunavunja kila mtu anabeba hisa zake na faida.

Mzee_wa_Vitabu: Baharia, hicho unachosema ni kikoba. Kwenye kikoba hisa ndo akiba yenyewe, mnanunua kila wiki halafu mnagawana. Saccos haivunjwi kila mwaka, hisa zinabaki ndani kama mtaji, na saccos nyingi mkopo wanapima kwa akiba. Dada, hujasema hisa moja bei gani, cha chini hisa ngapi, na hiyo hela unaitakia nini. Bila hivyo tunakujibu hewani.

DadaChumbageni: Samahani. Kiingilio 20,000, hisa moja 10,000, lazima uwe nazo 20. Mkopo ni mara 3 ya akiba baada ya kuweka miezi mitatu. Nataka friza la samaki, 1,200,000. Kila mwezi naweza kuweka 40,000.

Mzee_wa_Vitabu: Sasa hapo tunaongea. Toa kiingilio, unabaki na 480,000. Ukizitia zote hisa, akiba yako sifuri, na sifuri mara 3 ni sifuri, friza huoni. Nunua hisa 20 za lazima, 200,000, inayobaki 280,000 tia akiba. Hapo mkopo wako unafika 840,000. Kwa milioni na laki mbili unahitaji akiba ya 400,000, umepungukiwa 120,000, na kwa 40,000 zako za kila mwezi unaijaza kwenye miezi mitatu ileile ambayo ungesubiri tu. Hisa za ziada nunua baada ya friza kuanza kuingiza.

Na gawio sio mshahara. Linatoka kwenye ziada, baada ya hesabu kukaguliwa, fungu la akiba ya chama kutengwa, na mkutano mkuu kupitisha. Mwaka chama kikipata hasara hakuna gawio, na hasara inaanza kula mtaji, yaani hisa, kabla ya kugusa akiba za watu.

KijanaWaDuga: Ila mwenye hisa nyingi ana kura nyingi, hiyo nayo faida.

Mzee_wa_Vitabu: Hapana mwanangu, hiyo ni kampuni. Ushirika ni mtu mmoja kura moja, uwe na hisa 20 au 200.

MamaNgamiani: Mie niwaambie yaliyonikuta. Nilikuwa saccos moja siitaji jina, nikataka kutoka nikamfuate mume wangu Muheza. Nikaandika barua, nikasubiri muda wa notisi uliopo kwenye masharti yao, nikaenda kudai akiba naambiwa imeshikwa, kwa sababu nilimdhamini shoga yangu mkopo na yeye kaacha kulipa. Wakakata salio la deni lake kwenye akiba yangu ndo wakanipa kilichobaki. Hisa nazo wakasema hawanipi taslimu, nitafute mwanachama wa kuzinunua. Nani anunue na gawio halijatoka? Nikahangaika mpaka akatokea mwalimu mmoja akazichukua. Mwenyekiti wako kasema kweli mwanangu, mwenzio nilikuwa sijamwelewa. Na ukiombwa udhamini, jua ni akiba yako unaiweka rehani.

Baharia_Deep: Ndo maana mie na kikoba changu. Mwaka ukiisha pesa mkononi.

MamaNgamiani: Kikoba nacho mtunza sanduku akihama mtaa je? Bora mahali palipoandikishwa pana leseni.

Baharia_Deep: Sanduku letu lina kufuli tatu, mama.

KijanaWaDuga: Hizi hisa bei si inapanda kama za soko la hisa Dar? Ninunue sasa niuze baadae.

Mzee_wa_Vitabu: Haipandi hivyo. Ukinunua kwa 10,000 unamuuzia mwenzio kwa 10,000, faida yako ni gawio tu. Dada, kabla hujalipa omba masharti ya chama usome kipengele cha kujitoa, na uulize gawio la miaka mitatu iliyopita lilikuwa asilimia ngapi.

DadaChumbageni: Nimeelewa, hisa 20 kwanza. Ila akiba yenyewe wanazo aina mbili, ya kila mwezi na amana ya muda maalum yenye riba kubwa. Ile amana nayo inahesabiwa kwenye mara 3?

MamaNgamiani: Kwetu ilikuwa haihesabiwi.

KijanaWaDuga: Ofisini kwa bi mkubwa wangu wanaihesabu.