Makocha mnaopandisha mabeki hadi katikati ya uwanja halafu lawama zote kwa kipa: TUMECHOKA

Kocha wa Magolikipa (mleta uzi)

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo acha niseme. Nafundisha makipa kwenye timu moja ya madaraja ya chini, jina lake naliweka kapuni. Jumamosi tumekula nne. Karibu zote zimeingia kwa namna ile ile: mpira mrefu nyuma ya mabeki, straika wao anachomoka, kijana wangu anakutana naye nje ya boksi, kwisha habari. Mechi imeisha, kocha mkuu anamfokea kipa mbele ya wenzake kwamba hajui kucheza swipa. Mabeki wamekaa kimya wanafungua viatu. Hakuna aliyeulizwa kwa nini kiungo wa wapinzani aliachwa apokee, ageuke, ainue kichwa na achague pa kuuweka mpira kama vile yuko mazoezini.

Na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kipa swipa si mtindo wa kipa. Ni mtindo wa timu nzima, na unaanzia kwa straika. Mabeki wakisogea juu, wanaolinda ile nafasi nyuma yao kwanza ni wale wanaomsumbua mwenye mpira. Aliyebanwa, ameinamisha kichwa, hawezi kupiga pasi ya mita arobaini ikatua anapotaka. Ataupiga vibaya, utakuja mrefu mno au mfupi mno, na kipa ataufagia bila shida. Asipobanwa, huyo kipa hata awe Manuel Neuer, mnamtoa kafara.

Chukueni Tottenham na Chelsea, tarehe 6 Novemba 2023, ile ya 1-4. Wengi mliiangalia na wengi mlimshangilia Vicario, kipa wa Spurs. Spurs walipata bao mapema kupitia Kulusevski. Dakika ya 33 Romero akala nyekundu, Palmer akasawazisha kwa penalti. Kabla ya mapumziko Van de Ven akaumia, yaani yule beki mwenye mbio ambaye mfumo mzima ulimtegemea arudi kukimbizana na watu. Dakika ya 55 Udogie naye nje. Wamebaki tisa. Postecoglou akaacha mabeki wake pale pale karibu na mstari wa kati!

Sasa tazameni kilichokufa pale. Watu tisa hawawezi kumbana mwenye mpira kila anapoupata, kwa hiyo Chelsea kila shambulizi walikuwa na mtu yuko huru, kichwa juu. Pili, mabeki wakiwa kwenye mstari wa kati, mtego wa kuotea unapoteza nusu ya meno yake, maana mchezaji aliye nusu ya uwanja wake mpira unapopigwa haotei. Anayetokea nyuma anakuja na mwendo tayari, beki yeye bado anageuza mwili.

Vicario alitoka mara nyingi na aliokoa mengi, sibishi. Lakini dakika ya 75 Sterling akaponyoka, hakupiga, akampa Jackson pembeni yake, goli tupu. Dakika za nyongeza Gallagher akafanya vile vile, Jackson tena. La tatu Jackson akampiga chenga kipa mwenyewe akafunga. Kipa anaweza kuwahi mpira. Anaweza kumzuia mtu mmoja. Watu wawili wenye mpira hana namna.

Kocha wangu aliiona hiyo mechi. Akajifunza kinyume chake.

---

Mzee wa Kibandaumiza

Nakaa siti ya mbele kabisa. Ila mleta uzi hapo kwa Spurs umechemka. Toka wamebaki tisa dakika ya 55 mpaka dakika ya 75 ilikuwa 1-1. Chelsea walikuwa wanaotea hovyo mpaka shabiki wao mmoja hapa kibandani alitoka nje kwa hasira. Dier akafunga likakataliwa kwa kuotea, na Son bado alipata nafasi dakika za mwisho. Wangejazana kwenye boksi wangekula sita. Mfumo haukufeli, walichoka tu.

---

Kocha wa Magolikipa

Mkuu kuchoka ndiyo kufeli kwenyewe. Mfumo unaotaka watu kumi na moja wakimbie, ukiwa na tisa, saa ya kuchoka inajulikana mapema. Na zile dakika ishirini ziliwabeba kwa sababu Chelsea walikuwa wanakimbia kabla ya pasi. Walipojifunza kuchelewa hatua mbili, mechi ikaisha.

Nakubaliana nawe kitu kimoja: kurudi wote ndani ya boksi nako si dawa. Mimi ningeshuka mita kumi na tano hadi ishirini tu, nikaacha nafasi ndogo ya kufagia.

---

Chuma cha Pua

Tatizo la makipa wetu ni miguu. Hawajui kupiga pasi. Ederson anapiga pasi ya mita sitini inatua kifuani kwa winga. Leteni makipa wenye miguu kwanza ndiyo tuongee swipa.

---

Kocha wa Magolikipa

Ndugu, hujasoma uzi. Hapa hatuongelei kuanzisha mashambulizi. Kipa anaweza kuwa na miguu ya dhahabu na bado akachelewa mpira wa nyuma ya mabeki, kwa sababu alisimama pasipo pake kabla haujapigwa.

---

Dada Glavu

Mimi ni kipa wa timu ya wanawake, uwanja wetu ni wa vumbi tupu. Mwalimu wangu anataka nisimame karibu na duara la kati tukishambulia. Mechi iliyopita mpira ulidunda mbele yangu, ukaniruka, nikamshika yule dada jezi, nikapewa nyekundu. Sasa naambiwa nina woga. Nisimame wapi hasa? Naomba jibu si matusi.

---

Namba Nne wa Zamani

Dada, woga hauna uhusiano na hilo. Nimecheza beki wa mwisho miaka mingi, ngoja nikupe hesabu nyepesi. Mabeki wako wakiwa mita hamsini toka golini, mpira mrefu mzuri unatua kama mita thelathini na tano. Straika aliyesimama sambamba na beki ana mita kumi na tano za kukimbia. Wewe ukiwa mita ishirini na tano toka golini una kumi tu, unauwahi. Ukiwa umesimama kwenye nukta ya penalti una mita ishirini na nne, umechelewa kabla hujaanza. Ukiwa duara la kati, mpira umekupita juu na goli liko wazi. Kwa hiyo nje kidogo ya boksi, mpira ukiwa nusu yao. Unavyosogea kwenu, nawe unarudi pamoja na mabeki, umbali kati yenu usibadilike sana.

La vumbi: uwanja mkavu hudundisha juu na mpira haupungui mwendo upesi. Usiuvizie udunde. Ama uuwahi ukiwa hewani kwa kichwa au mguu, ama ubaki nyuma uusubiri ukujie. Na ukiufikia, utoe nje ya mstari wa pembeni, usijaribu kutuliza. Kubaya kuliko kote ni pale katikati, umetoka nusu halafu unasita.

---

Dada Glavu

Asante kaka. Hapo kwenye kusita ndipo nilipokamatwa.

---

Mzee wa Kibandaumiza

Neuer na Algeria 2014 je? Mertesacker hana mbio, mabeki wako juu, Slimani anakimbizwa na kipa nje ya boksi mechi nzima. Ujerumani wakapita 2-1 baada ya dakika 120. Kipa ndiye aliyewavusha. Kwa hiyo kipa akiwa mkali, mfumo unalipa.

---

Namba Nne wa Zamani

Mzee, ile mechi tunaisimulia kwa sababu ilipita salama. Neuer alikuwa anawahi mipira kwa tofauti ya nusu hatua. Moja angekosea, ingekuwa nyekundu au bao, na leo ungekuwa unaitaja kama mfano wa ujinga. Kocha anayepanga mechi akitegemea kipa ashinde kila mbio, amepanga kamari.

Mimi mfano ninaoupenda ni wa Alisson, Leicester 3-1 Liverpool, Februari 2021. Van Dijk, Gomez na Matip wote nje. Pembeni ya Henderson, ambaye ni kiungo, yuko Kabak anacheza mechi yake ya kwanza. Mpira mrefu ukaja, Alisson akatoka, Kabak naye akaurudia, wakagongana, Vardy akausukuma golini peke yake. Kipa mkali yupo. Aliyekosekana ni mtu aliyezoea sauti yake. Kipa na mabeki wasiozoeana hawafai kucheza hivyo, hata wawe na mbio za namna gani.

---

Kocha wa Magolikipa

Hapo umegusa penyewe. Jumamosi beki wetu wa kati alikuwa mgeni, amesajiliwa juzi. Kipa alipiga kelele "wangu!", yule akaendelea kukimbia, wakaangaliana. Bao la pili hilo.

Nilimwomba kocha ishara moja tu: kiungo wao akiwa huru na ameinua kichwa, mabeki wanne wageuke ubavu na kushuka mita tano mpaka kumi KABLA hajapiga. Si baada. Mguu wake ukienda nyuma kupiga, wewe uwe umeshaanza kurudi. Akibanwa tena au akirudisha pasi kwao, mnapanda. Alinijibu kwamba kushuka ni kucheza kwa hofu.

---

Chuma cha Pua

Lakini mkishuka kila mara, viungo wenu wanabaki na pengo kubwa mbele ya mabeki. Wapinzani watakaa hapo hapo wapige mashuti. Hilo hamlisemi.

---

Kocha wa Magolikipa

Sasa umeongea. Ni kweli, pengo litakuwepo, na kiungo mkabaji lazima ashuke nao. Lakini shuti la mita ishirini na tano kipa wangu analiona tangu linapotoka mguuni. Kati ya hilo na straika anayekuja peke yake, nachagua shuti.

---

Namba Nne wa Zamani

Mimi si kila siku. Kuna timu zina mpigaji wa mbali ambaye ukimpa pengo hilo unalia. Inategemea nani yuko mbele yako.

---

Kijana wa Pembeni

Mnasahau jambo. Mtego wa kuotea unahitaji mshika kibendera anayejua kazi. Mechi zetu za mtaani wengine hawaendi sambamba na beki wa mwisho, wanasimama kivulini. Mabeki wanapanda, mkono juu, kibendera hakinyanyuki. Kipa afanyeje?

---

Kocha wa Magolikipa

Huyo wa kivulini afadhali. Wetu wa Jumamosi alikuwa anasalimiana na mashabiki wa timu mwenyeji kwa majina.