Mrejesho: soketi na taa za chumba kipya cha kulala

Niliuliza: «Chumba kina mita 3.6 kwa 4, kuta hazijapigwa plasta. Niweke soketi na taa ngapi, na wapi?»

Nashukuru kwa ushauri wenu, ndugu zangu. Kabla fundi umeme hajachimba ukuta, tulichora kwa chaki kitanda, meza zake ndogo na kabati, na hapo mengi yalijiamua yenyewe. Kitanda cha sentimita 150 kikikaa katikati ya ukuta wa mita 3.6, kila upande hubaki sentimita 105. Kwa hiyo soketi pacha mbili zimewekwa sentimita 85 kutoka kila kona, kwa kimo cha sentimita 70, ili ziwe juu ya meza na plagi isibanwe na ubao wa kitanda. Pacha ya tatu iko ukuta wa mkabala, kwa pasi na televisheni. Fundi alitaka ya nne nyuma ya kabati. Nilikataa, kwani nani angeifikia?

Taa ni mbili. Ya katikati huwashwa na kuzimwa mlangoni, upande wa kitasa, na pia kitandani. Swichi hizo za njia mbili huhitaji nyaya tatu kati yao, hivyo bomba lake lilitangulia plasta. Ya pili iko darini, sentimita 60 mbele ya kabati, kwa sababu taa ya katikati pekee ingekuwa mgongoni mwa anayechagua nguo, na kivuli chake kingeziangukia.